Mita Nane, Siyo Kumi

Swali lenyewe lina mistari miwili. Mpira unaachiwa kutoka kimo cha mita 2, na kila ukigonga sakafu unarudi juu kwa asilimia 60 ya kimo ulichoangukia. Tafuta umbali wote utakaosafiri mpaka utulie. Mtoto wa dada yangu, anayesoma PCM kidato cha tano hapa Dodoma, aliandika mita 10. Mwalimu akaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, bila neno. Kijana akarudi nyumbani na fomu ya kubadili tahasusi, akiwa ameshaamua kwamba hisabati ni ya watu wengine.

Mimi nilisoma EGM kabla uandishi wa habari haujanichukua, kwa hiyo dada akamleta kwangu Chang'ombe Jumamosi, na daftari lake. Nikatarajia kumwonyesha kanuni tukanywe chai. Lakini kijana hakuwa na shida na kanuni. Shida yake aliisema hivi: "Mamdogo, kila mdundo una mdundo mwingine nyuma yake. Haviishi. Sasa vitu visivyoisha unavijumlishaje upate namba?"

Hilo ni swali la haki kabisa, na kalamu nyekundu haikulijibu.

Tukaanza na kuhesabu polepole, kama mtu anayehesabu chenji. Mpira unaanguka mita 2. Unapanda mita 1.2 na kushuka mita 1.2 nyingine, jumla sasa ni 4.4. Mdundo unaofuata unapanda sentimita 72 na kushuka hizo hizo, jumla 5.84. Halafu 6.704. Halafu 7.2224. Nikamwambia aache kuangalia jumla, aangalie kilichobaki kufika 8. Akaandika pembeni: 6, kisha 3.6, kisha 2.16, kisha 1.296, kisha 0.7776. Alinyamaza kidogo, akachukua simu kupiga hesabu, akasema kila pengo ni asilimia 60 ya pengo lililotangulia.

Hapo ndipo penye jambo lote. Mpira hauruki pengo hata siku moja, unalipunguza tu. Lakini unalipunguza kwa uwiano ule ule kila mara, kwa hiyo nitajie pengo lolote dogo unalotaka nami nitakutajia mdundo ambao baada yake kilichobaki ni chini ya hapo. Akanitajia milimita moja. Tukahesabu: ikishamalizika midundo 18, kilichobaki ni takriban nusu milimita na ushee. Hiyo ndiyo maana ya kikomo. Hakuna anayedai kwamba mtu amekaa akajumlisha vitu visivyo na mwisho. Tunachosema ni kwamba jumla zinaisogelea 8 kwa ukaribu wowote utakaoutaka, na hakuna namba nyingine inayosogelewa hivyo.

Njia ya mkato ni nzuri pia, na ni fupi. Ziite safari zote za kupanda na kushuka, ukiacha anguko la kwanza, S. Basi S ni 2.4 ukijumlisha 1.44 ukijumlisha 0.864 na kuendelea. Zidisha yote kwa 0.6, utapata mfululizo ule ule, ila 2.4 ya mwanzo imepotea. Toa huu wa pili kwenye ule wa kwanza: asilimia 40 ya S ni 2.4, kwa hiyo S ni 6. Rudisha zile mita 2 za anguko la kwanza, unapata 8. Kwa kimo chochote h na uwiano wowote r ulio chini ya moja:

D = h(1 + r)/(1 − r)

Ile kumi yake ilitoka wapi? Alichukua mita 2 mara mbili, akagawa kwa 0.4. Yaani aliupa kila mdundo safari ya kupanda na ya kushuka, hata ule wa mwanzo. Lakini mwanzo mpira haukupanda. Uliachiwa mkononi. Mita 2 alizozidisha ni safari ambayo haikuwahi kufanyika. Naona kosa la namna hiyo lilistahili sentensi moja ya mwalimu, maana mengine yote alikuwa ameyapata.

Sasa, kijana ni mbishi, na ubishi wake naupenda. Akasema mpira wa kwenye karatasi haumhusu, anataka wa kweli. Tukatoa mpira wa miguu uliokuwa stoo, tukaweka alama ya mita 2 ukutani kwa futi ya fundi cherehani, tukauachia juu ya sakafu ya saruji. Kusoma kimo kwa macho ni kazi ngumu, mpira hausubiri. Nikakumbuka nina kifaa cha kazi yangu mfukoni. Nikawasha kinasa sauti cha simu, nikakilaza sakafuni, tukauachia tena.

Ukifungua sauti hiyo kwenye simu unaona vilima: tuk, kisha tuk, kisha tuk, vikikaribiana. Muda kati ya mgongo mmoja na unaofuata haupungui kwa 0.6. Unapungua kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani kwa takriban 0.77, kwa sababu muda wa kuanguka unafuata mzizi wa kimo. Kwa hiyo kipimo ni rahisi: gawa pengo la muda kwa lililotangulia, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata r bila kupima kimo chochote. Wetu ulitoa karibu 0.6, na hiyo ni bahati tu, mpira ulikuwa umepungua upepo.

Kuna tunda jingine la hesabu hiyo. Muda nao ni mfululizo wa kijiometri, kwa hiyo nao una kikomo. Kwa mita 2 na 0.6, midundo yote isiyo na mwisho inaisha ndani ya sekunde 5 hivi. Kijana aliirudia sauti mara nne, akihesabu. Kufikia mgongo wa 12, vilima vilikuwa vimeshaungana, na sekunde ya tano haijatimia.

Lakini saruji haikubali kila kitu. Mdundo wa kumi kwenye hesabu una kimo cha sentimita 1.2 tu. Karibu na hapo mpira wa kweli unaanza kubingirika, unatetemeka bila kuachana na sakafu, na r haibaki ile ile; hubadilika kadiri mpira unavyogonga kwa kasi ndogo. Hewa nayo inakula chake. Mfululizo hauna mwisho, mpira unao. Hata hivyo sehemu inayobishaniwa ni sentimita chache kati ya mita 8, na ndiyo maana kanuni inafaa.

Tukatoka nje, kwenye mchanga tuliokuwa tumemwagiwa kwa ajili ya ujenzi. Pale mpira ulirudi kama sentimita 40, yaani r ni 0.2, na kanuni inatoa mita 3. Kwenye mchanga ukajichimbia shimo, ukadunda mara tatu, ukakaa. Kijana akaanza mwenyewe kuuliza ingekuwaje r ikiwa 0.9. Akapata mita 38. Akajaribu 0.99, akapata 398, akaniangalia kama nimemficha kitu. Akaweka moja, simu ikakataa kugawa kwa sifuri.

"Hapo hausimami kabisa," akasema.

Jumatatu alikwenda shule. Fomu ya tahasusi dada anasema iko juu ya friji, haijajazwa na haijachanwa.