Chupa ya soda isiyokuwa na soda



Nimelikwepa jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu mkosaji ni mimi. Wengi mnaonisoma mko katika matayarisho ya harusi au mmehamia nyumbani kwenu juzi tu, na najua namna nyumba inavyosafishwa wakati huo. Basi bora niyaseme kama yalivyokuwa.

Ilikuwa siku moja kabla ya nikaha yangu. Nyumba ya wazee wangu ilikuwa imejaa watu kutoka mjini na shamba, na mimi niliyetakiwa nikae ndani kwa singo na hina nilikuwa natoka kila mara kuangalia usafi. Wiki ile nilikuwa nimenunua dumu la lita 5 la jiki, maana kwa dumu ni rahisi kuliko kwa chupa ndogo. Lakini dumu lile zito, ukiliinamisha linamwagika, kwa hiyo nikapunguza kidogo kwenye chupa ya soda ya nusu lita ili walionisaidia kufua mashuka wawe nayo karibu. Siku hiyo hiyo bomba la karo la jikoni liliziba. Nikakoroga kostiki, zile chenga nyeupe wanazotumia watengeneza sabuni, nikamimina kwenye karo, maji yakapita. Ilibaki kidogo. Nikaona hasara kuitupa, nikaitia kwenye chupa nyengine ya soda, ya aina ile ile, yenye karatasi ile ile.

Chupa mbili, zote nikaziweka uani chini ya karo. Akilini mwangu nilijua ipi ni ipi. Hakuna mwengine aliyejua.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka mitatu. Siku nzima ile alikuwa anapewa soda na kila mgeni anayemwonea huruma, kwa sababu siku za harusi hakuna anayehesabu. Baada ya adhuhuri, jua kali, akaingia uani peke yake, akaona chupa anayoijua. Kifuniko cha soda kimetengenezwa kifunguke kwa urahisi, na changu nilikuwa sijakikaza. Tulichosikia ni kikohozi, halafu ukelele.

Nilipofika, chupa moja ilikuwa imelala sakafuni inamwagika. Mmoja wetu, kwa ile tabia yetu ya kutovumilia kitu kilichoanguka, aliiokota akaisimamisha pembeni ya mwenziwe. Kwa hivyo zikawa mbili tena, zote hazina vifuniko, zote zimepungua. Tangu hapo hakuna mtu aliyeweza kusema mtoto amekunywa ipi.

Mama alikuwa ameshamshika kichwa anataka kumtia kidole kooni atapike. Mwengine anaita maziwa, mwengine mayai mabichi, mwengine anakata ndimu. Aliyetuokoa ni shangazi, ambaye alifanya kazi ya uuguzi mpaka alipostaafu. Alimtoa mama mkono, akasema kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake, "Asitapishwe! Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda." Halafu akafanya mambo machache tu. Akamvua fulana iliyorowa, akamwosha uso, shingo na mikono kwa maji mengi yanayotiririka. Akamsukutua mdomo, maji yakatemwa. Alipohakikisha kwamba mtoto yu macho na anameza bila ya kupaliwa, akampa maji kidogo kidogo, mafunda mawili matatu tu. Ndimu akaitupa. Alinieleza baadaye kwamba watu hudhani ukali wa ndimu utaivunja kostiki, kumbe vikikutana vinatoa joto, na kooni mwa mtoto joto hilo ni jeraha jengine. Maziwa akasema si sumu, lakini kumjaza mtoto tumbo ni kumtafutia kutapika.

Akaagiza chupa zote mbili zifungwe, zitiwe mfukoni pamoja na ile fulana, tukaingia garini.

Hospitali daktari aliuliza maswali matatu: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. La tatu tulilijibu. La pili tulikisia. La kwanza nikamwonyesha chupa mbili za soda, na hapo ndipo nilipoona haya ambayo mpaka leo haijanitoka. Chupa ya kiwandani ingekuwa imeandikwa kila kitu anachokitaka daktari: ni dawa gani na ina nguvu kiasi gani. Chupa zangu zilikuwa zimeandikwa sukari na ladha ya ndimu. Zilikuwa zimeshamdanganya mtoto, sasa zinamdanganya na daktari.

Na tofauti ya vitu hivyo viwili si ndogo. Jiki ya nyumbani mtoto akiimeza funda moja, mara nyingi humchoma mdomo na koo kwa juu juu, humtapisha, kisha hupona. Na harufu yake kali pamoja na ladha mbaya humfanya aiteme kabla hajafika mbali. Kostiki iliyokorogwa haina harufu. Inaonekana kama maji, na inapogusa nyama laini ya koo inaendelea kula kwenda ndani. Mtoto anaweza kuwa na mdomo usio na hata lengelenge, kumbe njia ya chakula imeungua huko chini. Ndiyo maana daktari hakuridhika kwa kutazama ulimi tu. Alimsikiliza sauti kama imekwaruza, akaangalia kama anatoa udenda asioweza kuumeza, kama anavuta pumzi kwa shida, kama anashika kifua.

Tulijaribu kunusa. Lakini nyumba nzima siku ile ilikuwa inanuka jiki, mikono yetu inanuka jiki, na mtoto ameshasukutuliwa.

Shangazi ndiye aliyekumbuka fulana. Ilikuwa ya buluu iliyokoza. Alipoitoa mfukoni, kifuani palikuwa na baka limeanza kuchujuka, rangi imekuwa ya waridi chafu, na linaendelea kutanuka. Kostiki isingeitoa rangi namna ile. Daktari akaigeuza mara mbili tatu, akasema, "Angalau tunajua jiki ilimfika." Hakusema kwamba kostiki haikumfika. Akamlaza usiku kucha chini ya uangalizi, na akatuambia akianza kutoa udenda au kukataa kumeza, itabidi aingizwe kamera kooni.

Usiku wa kuamkia nikaha yangu niliukesha kwenye benchi la hospitali na hina mkononi. Dada yangu hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa.

Kitanda cha pili kulikuwa na msichana mdogo, labda miaka minne, na mama yake. Yeye alikunywa kostiki iliyohifadhiwa kwenye chupa ya maji, miezi kadhaa nyuma. Siku za mwanzo alionekana amepona, akarudi nyumbani, akala uji. Baada ya wiki kadhaa akaanza kukwama na mkate, halafu wali, halafu hata uji. Kidonda kilipopona kilikaza kovu, na kovu likabana njia ya chakula. Sasa alikuwa analishwa kwa mpira uliopita tumboni, na kila baada ya muda hurudishwa ili njia ipanuliwe taratibu. Mama yake alinisimulia bila ya kulia, kama mtu aliyesimulia mara nyingi. Akaniuliza wangu alikunywa nini. Nikasema sijui.

Asubuhi mtoto wetu aliomba chai. Alimeza. Akaomba na mkate, akameza. Alhamdulillah. Tuliambiwa tumwangalie wiki zinazofuata, na akianza kukwama na chakula tumrudishe siku hiyo hiyo.

Nikaha ilifungwa baada ya alasiri kama ilivyopangwa.

Baadaye nilipokuwa nimetulia nilikumbuka darasa la chuoni tulilokuwa tukilisikia na kulisahau. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kunywa moja kwa moja kwenye mdomo wa kiriba, na aliamrisha vyombo vifunikwe usiku. Ustadhati wetu alikuwa akitueleza kwamba miongoni mwa hekima walizozitaja wanavyuoni ni kuwa mnywaji haoni kilichomo ndani. Tulikuwa tukicheka, nani leo ana kiriba? Kumbe chupa ya soda ndiyo kiriba chetu.

Nyumbani kwangu sasa jiki inakaa kwenye chupa yake iliyokuja nayo. Nanunua ndogo hata kama ni ghali zaidi kwa hesabu ya lita. Ikiwa muuza duka anapima, nampelekea chupa ile ile ya zamani yenye karatasi yake anijazie. Mwanzo alinishangaa, sasa amezoea. Na wala usidhani unaokoa kitu kwa kuimimina kwenye chupa inayopitisha mwanga. Chupa za jiki hufanywa zisizoonyesha ndani kwa sababu mwanga unaidhoofisha, kwa hivyo ile uliyoiweka uani juani siku nyingi inabaki na harufu lakini mashuka hayatoki meupe. Kostiki siweki kabisa. Bomba likiziba namwita fundi, na kinachobaki anaondoka nacho.

Wapo wanaoniambia wao huandika kwa kalamu juu ya chupa. Ni bora kuliko kutoandika, angalau daktari atasoma. Mtoto wa miaka mitatu hasomi. Anasoma umbo la chupa na rangi ya kifuniko. Na hata mkubwa: fikiria magharibi ya Ramadhani, umeme umekatika, mume ametoka msikitini na kiu, mkono unapapasa jikoni gizani.

Mafuta ya taa nayo yasikae kwenye chupa ya maji. Mtoto akiyanywa pia asitapishwe, maana hatari yake kubwa ni kuingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Akikohoa au kuhema mbio, mbio hospitali.

Tangu hapo shoga zangu wakiolewa, zawadi yangu inajulikana. Wengine wanaleta vikombe na mashuka ya kudarizi, mimi naleta kikabati kidogo cha kutundika ukutani, chenye kufuli, na fundi wa kukitundika nimeshamlipa. Bwana harusi mmoja aliniuliza kitawekwa dhahabu za bibi harusi? Nikamwambia la, ni cha jiki. Akacheka. Mkewe, aliyekuwa uani kwetu siku ile, hakucheka; alimwonyesha fundi pa kukitundika, juu ya kichwa chake mwenyewe.