Yai la Kasa na Swali la Nne

Semista iliyopita, kwenye mtihani wa maadili, swali la nne lilitutaka tujadili hoja za kuunga mkono na kupinga utafiti wa seli shina za viinitete. Nilijibu kama tulivyozoea: hoja tatu huku, tatu kule, hitimisho lisilomkwaza msahihishaji. Sapu nikaikwepa. Likizo nikarudi Msimbati, nikamsimulia mama mdogo. Mwanawe ana selimundu, na kila baridi ikizidi tunajua usiku hautalalika.

"Kwa hiyo hizo ndizo zinazowaponya watoto kule Dodoma?" akaniuliza.

Hapo nikagundua kwamba hata mimi kwenye mtihani nilichanganya. Wanachofanya Hospitali ya Benjamin Mkapa ni kupandikiza uboho. Seli shina zake hutoka kwa mtu aliye hai, mara nyingi ndugu wa baba na mama mmoja, na uwezekano wa ndugu mmoja kulingana kikamilifu na mgonjwa ni mmoja kati ya wanne. Hakuna kiinitete kinachoguswa. Anayetumia watoto hao kutetea utafiti wa viinitete anatetea kitu kingine.

Seli zenye ubishi zilianza kuoteshwa mwaka 1998, James Thomson na wenzake walipofanikiwa Wisconsin, Marekani. Wanandoa wanaotafuta mtoto kwa kupandikiza mimba hurutubishiwa mayai kadhaa maabara, kwa sababu si yote yanayofika. Moja au mawili huwekwa tumboni, mengine hugandishwa. Kiinitete cha siku tano ni kijipira cha seli mia moja na kitu: ganda la nje lingekuwa kondo la nyuma, fungu la ndani lingekuwa mtoto. Mtafiti hulichukua lile fungu la ndani, na kwa kawaida kiinitete huishia hapo. Faida yake ni kwamba seli hizo zinaweza kugeuka seli ya aina yoyote ya mwili: ya moyo, ya neva, ya kongosho.

Anayeunga mkono anasema viinitete vilivyobaki vitamwagwa vyovyote iwavyo, basi heri vifae. Anaongeza kwamba kabla ya siku ya 14 hakuna hata dalili ya neva, na kiinitete kimoja bado kinaweza kugawanyika kikawa mapacha, kwa hiyo ni vigumu kusema tayari ni mtu mmoja. Bweni letu halikukubaliana. Mwenzangu Mkatoliki anashikilia kwamba uhai wa binadamu huheshimiwa tangu kutungwa mimba, basi. Jirani yangu Mwislamu alinikumbusha siku 120 za kupulizwa roho, ingawa naye alisema kutokuwa na roho si ruhusa ya kuchezea.

Hoja iliyoniumiza kichwa nilipewa na mjomba, mvuvi wa zamani. Pwani yetu mpaka maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari, na kasa hutaga mchangani. Yai la kasa si kasa, alisema, lakini ukilila unashtakiwa. Nikajibu kwamba sheria inalinda kasa wasiishe, na binadamu hawaishi leo wala kesho. Akaniuliza: je, kiota kikitagwa chini, maji makuu yatakakofika, mayai yakawa ya kuoza tu, ndiyo ruhusa ya kukaanga? Watu wa uhifadhi huyahamishia juu. Hapo nilinyamaza. Hoja ya "vitamwagwa vyovyote iwavyo" inasahau kwamba ni sisi tulioamua kuyaweka mayai yale mahali pa kumwagwa.

Tena siku hizi kuna njia nyingine. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka alirudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali inayofanana na ya kiinitete kwa kutumia jeni nne, na mwaka uliofuata ikawezekana kwa seli za binadamu. Wapinzani husema basi mjadala umekwisha. Sidhani. Ili kujua kama seli hizo zimerudi sawasawa, watafiti walizilinganisha na zile za kiinitete.

Leo ningejibu hivi: vitumike vilivyobaki tu, kabla ya siku ya 14, kisitengenezwe hata kimoja kwa ajili ya kubomolewa. Nikamsomea mama mdogo msimamo wangu, nikijiona profesa.

"Na wenyewe, huyo baba na mama, wameulizwa?"

Kwenye mtihani ridhaa niliipa mstari mmoja. Nikamweleza kwamba wanapaswa kuulizwa wote wawili, kwa lugha wanayoielewa, na siyo siku ile ile mwanamke yuko kitandani anasubiri mimba ishike, maana siku hiyo atakubali lolote la daktari. Mama mdogo akatikisa kichwa. Kisha akamwita binti yake mkubwa, akaniuliza kipimo cha kulinganisha uboho kinaanzia wapi.

Jumatatu tunakwenda kuuliza hospitali, Mtwara mjini. Binti naye hatujamwuliza bado.