Maandazi Mangapi Hulipa Kodi ya Kibanda?

Miezi miwili baada ya sisi, mume na mke, kuanza kuuza maandazi, mwenye kibanda alikuja kudai kodi yake, nasi hatukuwa nayo. Tulishangaa, kwani kila siku tulirudi nyumbani na shilingi 15,000. Deni ni amana shingoni mwa mdaiwa. Usiku ule, baada ya Isha, tuliketi tukaandika kila kitu.

Kodi ilikuwa shilingi 52,000 kwa mwezi. Tuliigawa kwa siku 26 tunazouza, wala si kwa 30, maana siku ya mapumziko nayo hulipiwa kodi ilhali haiingizi kitu. Ikawa 2,000 kwa siku. Tukaongeza mkaa wa 1,000. Hizo 3,000 hututoka hata tusipouza andazi moja.

Kilo moja ya unga hutupa maandazi 25. Unga ni 1,800, sukari 450, hamira na iliki 250, na mafuta yanayopungua karaini 1,000. Jumla ni 3,500, yaani shilingi 140 kwa kila andazi, nasi tunauza kwa 200. Zamani tuligawa 3,000 kwa 200, tukadhani maandazi 15 yametosha kulipa kodi na mkaa. Kumbe katika kila 200, shilingi 140 ni za kununulia unga na mafuta ya kesho. Inayobaki ni 60 tu. Ukigawa 3,000 kwa 60, unapata maandazi 50.

Lakini sisi tulikuwa tukiuza 75. Kodi ilipotelea wapi? Jibu lilikuwa kapuni. Tulikaanga 100, na yale 25 yaliyobaki yaliliwa na watoto na majirani. Kukaanga 100 kulitugharimu 14,000, na pamoja na zile 3,000 ni 17,000, ilhali mauzo yalikuwa 15,000. Tulipungukiwa 2,000 kila siku, sawasawa na kodi. Ile 50 ni kweli kwa anayeuza yote aliyoyakaanga tu. Kila andazi linalolala hula faida ya zaidi ya mawili yaliyouzwa.

Tukapunguza hadi kilo 3. Mauzo yakabaki 75, gharama ikashuka hadi 13,500, nasi tukabakiwa na 1,500. Huo ndio ujira wetu sote wawili tangu kabla ya Alfajiri: mdogo, lakini ni wetu kweli. Majirani bado tunawapa, ila sasa tunajua tunachotoa.

Tena hesabu hii haidumu. Gharama ya kilo moja ikipanda kutoka 3,500 hadi 4,000, andazi litabakiza 40 badala ya 60, na ile 50 itakuwa 75: mauzo yetu yote, bila ujira hata senti. Kwa hiyo kila bei inapobadilika dukani, daftari hufunguliwa kabla ya unga kukandwa.