Kahawa ya Upare na Aina Mbili za Ubepari

Wanafunzi huniuliza iwapo nadharia ya Peter Hall na David Soskice, iliyochapishwa mwaka 2001, ina lolote la kumwambia mkulima wa Same. Nadharia hiyo hutofautisha nchi ambamo kampuni hutegemea ushindani na mikataba mifupi, kama Marekani, na zile ambamo hutegemea maafikiano ya muda mrefu na benki na vyama vya wafanyakazi, kama Ujerumani. Mwaka 2009 pato la Ujerumani lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5, lakini ajira haikutikisika sana: waajiri walipunguza saa za kazi, na serikali ikafidia sehemu ya mshahara. Marekani, ambako pato lilishuka kwa kiasi kidogo zaidi, ukosefu wa ajira ulifikia asilimia 10.

Si kwamba mwajiri wa Kijerumani ana huruma zaidi. Amemfunza fundi wake kwa miaka, na benki yake haimdai faida ya kila robo mwaka. Kumfukuza fundi huyo ni kutupa mtaji. Kila taasisi huegemea nyingine, na hapo ndipo kahawa yetu inapoingia.

Kabla ya msimu wa 1994/95, mkulima wa milima ya Upare aliuza kahawa kupitia chama chake cha msingi. Chama kilimkopesha dawa na pembejeo, kikalikata deni siku ya mauzo. Mkopo huo haukuhitaji hati ya shamba wala dhamana, kwa kuwa mlango wa kuuzia ulikuwa mmoja tu. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, mkulima aliweza kuchukua dawa chamani na kumuuzia kahawa mwenye fedha taslimu. Simlaumu; malipo ya pili ya chama yalikuwa na desturi ya kuchelewa, na ada za shule hazisubiri. Mkopo ukafa pasipo mtu yeyote kuufuta. Sera ilikuwa imelenga bei, ikang'oa pembejeo. Mbuni usionyunyiziwa dawa huachwa mikononi mwa chulebuni, na bei ya New York iliposhuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili mwaka 2001, mkulima alibeba hasara peke yake.

Hata hivyo, wanaodai mlango mmoja urudishwe wakumbuke kwamba mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri, na baadaye ikavirejesha kwa sheria. Uratibu unaoweza kufutwa kwa amri moja si ule wa Ujerumani. Unaofanana nao zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa ndiva zetu: wenye mashamba hutoka kwa msaragambo kuzibua mifereji, kisha hugawana maji kwa zamu, na kiangazi kikizidi, zamu ya kila mmoja hufupishwa.