Bibi Hakumkataza Kuigiza, Sabtaito Ndiyo Ilikimbia

Wadau, kuna klipu ya staa mmoja wa huku kwetu Mtwara, jina kapuni, alipoenda kumsalimia bibi yake Msimbati, pale Mnazi Bay. Bibi anaongea Kimakonde, chini kuna sabtaito ya Kiswahili. Kwenye komenti povu tupu: eti bibi hakutaka mjukuu aende Dar kuigiza.

Mimi huwa naandika sabtaito za klipu za washkaji, na Kimakonde nakisikia vizuri. Bibi hakusema hivyo. Sabtaito ilikuwa hivi:

"Mimi nilikuambia tangu mwanzo kwamba usiende baharini wakati upepo wa kusi unavuma."

Tafsiri iko sawa kabisa. Shida ni muda. Hesabu na nafasi zake: herufi 83. Bibi kaongea sekunde 3 tu, yaani msomaji anatakiwa ameze herufi kama 28 kila sekunde. Kipimo kinachotumika sana ni kama 17, na mstari usizidi herufi 42. Kwa hiyo watu waliishia "usiende", sentensi ikapotea, wakamalizia wenyewe kichwani.

Sasa tuipunguze. "Mimi" haina kazi, maana "ni" ya "nilikuambia" imeshasema ni nani. "Kwamba" inatoka bila kuumiza mtu. "Wakati upepo wa kusi unavuma" inakuwa "kusi ikivuma", na mtu wa pwani anakuelewa. "Tangu mwanzo" inauma kuitoa, ila ule ukali uko kwenye sauti na uso wa bibi, na mtazamaji anauona. Faili inakuwa hivi:

```
1
00:00:12,000 --> 00:00:15,000
Nilikuambia usiende baharini
kusi ikivuma.
```

Herufi 42 kwa sekunde 3, sawa na 14 kwa sekunde. Mtu anasoma na bado anapata nafasi ya kumwangalia bibi. Cheki pia nilipokata mstari: "usiende baharini" zimebaki pamoja. Ukizitenganisha, "usiende" inabaki peke yake na fitina inarudi palepale.

Utauliza, kwa nini usiongeze tu sekunde? Wakati mwingine inawezekana, kama anayefuata kakaa kimya kidogo. Hapa haiwezekani, maana kwenye sekunde ya 15 kamera inahamia kwa mjukuu naye anajibu. Maneno ya bibi yakibaki chini ya uso wa mjukuu, watu watadhani kayasema yeye.

Kujua kama sabtaito imekaa sawa, mpe simu mtu asiyejua Kimakonde. Aangalie mara moja, bila kurudisha nyuma, halafu muulize bibi kasema nini. Akianza na "nadhani", punguza tena.

Kwa hiyo mliomchana bibi, rudini mkafute. Alikuwa anaogopa bahari. Wewe ungeikataje hiyo sentensi? Dondosha yako hapo chini, ila isizidi herufi 51.