Mwaka Mpya Usio na Ngoma



Katika kikundi chetu tuko Waislamu na Wakristo, na kila mwaka swali moja linarudi: mbona mwaka mpya wa Kiislamu unapita kimya? Hakuna ngoma, hakuna nguo mpya, watoto wanakwenda masomo kama kawaida, na sokoni hakuna anayejua. Safari hii tumeona vema kujibu kwa maandishi, na zaidi kusimulia habari za wanawake wawili ambao siku hiyo inatukumbusha.

Tuanze na tarehe. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi wa angani. Kila mwezi una siku 29 au 30, na miezi 12 inafanya siku 354 au 355. Kwa hiyo mwaka huo ni mfupi kuliko ule wa kalenda ya ukutani kwa siku 11 hivi. Ndiyo maana mwaka 1446 ulianza mwanzo wa Julai 2024, na mwaka 1447 ukaanza mwishoni mwa Juni 2025. Jioni ya siku ya 29 ya mwezi wa mwisho, jua likishatua, watu wanatazama upande wa magharibi. Mwezi ukionekana, mwembamba kama ukucha, basi usiku huo huo ni Muharram mosi, kwa sababu kwetu siku inaanza magharibi. Usipoonekana, tunatimiza siku 30. Hapa Lubumbashi wakati wa baridi mawingu ni machache, lakini vumbi na moshi wa majani yanayochomwa porini vinafunika upeo wa macho, na mwezi mchanga unatua upesi. Hivyo wengi wetu tunangojea tangazo la msikiti.

Mwaka unahesabiwa tangu Hijra, yaani kuhama kwa Mtume Muhammad kutoka Makka kwenda Madina, mwaka 622. Wengi wanadhani Muharram mosi ndiyo siku aliyohama. Sivyo. Mtume alifika Kuba, pembeni ya Madina, katika mwezi wa tatu. Hesabu yenyewe iliwekwa miaka kama 17 baadaye, wakati wa Khalifa Umar, kwa sababu barua za serikali zilikuwa zinafika bila mwaka. Walichagua kuhesabu tangu Hijra, lakini wakaacha Muharram ubaki mwezi wa kwanza kama Waarabu walivyouzoea.

Tena kuhama hakukuwa safari ya siku moja. Waislamu waliondoka Makka kidogo kidogo, kwa siri, jamaa kwa jamaa. Na hapa ndipo tunamkuta Ummu Salama.

Yeye na mume wake, Abu Salama, walikuwa kati ya watu wa kwanza kutoka. Mume alimpandisha juu ya ngamia, na mtoto wao Salama akiwa kifuani. Ndugu za mke wakawazuia: wewe nenda, lakini binti yetu hatakufuata. Ndugu za mume waliposikia wakakasirika: kama mmemchukua mke, mtoto ni wa ukoo wetu. Wakamvutana yule mtoto mpaka mkono wake ukateguka. Mwishowe baba alikwenda Madina peke yake, mama akabaki kwa ndugu zake, na mtoto akachukuliwa na wakwe. Kila asubuhi Ummu Salama alikwenda kuketi mahali pale walipotengana, akalia mpaka jioni. Ilikuwa hivyo karibu mwaka mzima, hadi jamaa mmoja alipomhurumia na kusema na wazee. Wakamruhusu aende, na wakwe wakamrudishia mtoto.

Alipanda ngamia na mtoto wake bila mtu wa kumsindikiza. Safari ni kilomita zaidi ya 400 za jangwa. Nje kidogo ya Makka, pale Tanim, alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati ule hakuwa Mwislamu. Alipojua kwamba mama yuko peke yake, alishika kamba ya ngamia akatembea naye mpaka Kuba. Kila walipopumzika alimlaza ngamia, akajitenga mbali ili mama ashuke kwa heshima, kisha akaenda kulala chini ya mti mwingine. Walipofika alimwonyesha kijiji alimo mume wake, akarudi Makka. Ummu Salama alisema baadaye kwamba hakupata kuona mwenzi wa safari muungwana kuliko yule.

Wa pili ni Asma, binti wa Abu Bakr. Mtume na Abu Bakr walipotoka, hawakushika njia ya Madina, iliyo kaskazini. Walikwenda kusini, wakajificha siku tatu katika pango la mlima Thaur, mpaka waliokuwa wakiwatafuta wachoke. Asma, akiwa na mimba, ndiye aliyetayarisha chakula cha safari. Alipokosa kamba ya kufungia mfuko, alipasua mshipi wake wa kiunoni vipande viwili. Mpaka leo anaitwa mwenye mishipi miwili.

Baba yake aliondoka na fedha zote za nyumba. Babu, Abu Kuhafa, alikuwa kipofu, akawa na wasiwasi kwamba watoto wameachwa bila kitu. Asma akakusanya mawe, akayaweka katika tundu la ukuta ambamo baba aliweka fedha, akayafunika kwa kitambaa, kisha akashika mkono wa mzee na kumgusisha. Mzee akatulia. Ukweli hapakuwa na kitu. Baadaye Asma naye akahama, na huko Kuba akamzaa Abdullah, mtoto wa kwanza wa wahamiaji kuzaliwa Madina.

Tuliposimulia habari hizi katika mkutano wetu, wamama waliulizana zaidi juu ya mkono wa yule mtoto kuliko juu ya ngamia. Wako kati yetu waliofiwa na mume, na kabla matanga hayajaisha wakwe walikuja kuchukua watoto na vyombo. Mmoja alisema: huyo Ummu Salama ninamjua, nimeketi pale alipoketi. Tukaona pia kwamba aliyefungua njia alikuwa jamaa mmoja tu aliyekubali kusema na wazee. Tangu siku hiyo tumepatana kwamba mama akifiwa, wawili wetu wanakwenda pamoja naye kwenye kikao cha familia.

Basi siku yenyewe tunaifanyaje? Mtume hakuweka sala wala sikukuu kwa ajili ya Muharram mosi. Idi zetu ni mbili tu. Wengine hawapendi hata kupeana heri ya mwaka, wengine hawaoni ubaya. Wengi tunasikiliza mawaidha msikitini, tunaomba dua, na nyumbani tunawasimulia watoto habari za Hijra juu ya sahani ya bukari na sombe. Siku ya 9 na ya 10 wengi wanafunga, kwa kukumbuka Musa na watu wake walivyookolewa na Farao. Kufunga huko si lazima, na mwenye mimba au anayenyonyesha asijilazimishe. Kwa ndugu zetu Washia, siku hizo kumi ni za huzuni, kwa sababu Husein, mjukuu wa Mtume, aliuawa Karbala tarehe 10 Muharram mwaka 61.

Kwa hiyo, mama jirani, ukiona kwetu kimya siku hiyo, usidhani tumekosa sukari ya chai. Piga hodi uingie. Na kama ni siku ya 9 au ya 10, njoo magharibi, wakati tunafungua.