Cheti Kilifutwa, Akaanza na Nyaya

Wasee, hii ni stori ya beshte yangu, fundi wa mitandao ya kompyuta. Alinunua faili la maswali yaliyovuja, akakariri majibu, akapita mtihani. Baadaye akapata barua pepe: cheti kimefutwa, na amepigwa marufuku. Walimjuaje? Maswali magumu aliyajibu kwa sekunde chache, na alikosea palepale faili lilipokosea.

Mimi mwenyewe niliacha chuo, siwezi kumhukumu. Lakini kilichomuuma zaidi ni siku bosi alimwambia agawe `192.168.10.0/24` kwa ofisi nne. Alibaki kimya.

Akarudi kuvuta nyaya. Usiku alipiga hesabu kwa kalamu: anwani 256 ukigawa kwa nne, kila ofisi inapata 64. Toa ya kwanza, ambayo ni jina la mtandao, na ya mwisho, ya kutangazia mashine zote. Zinabaki 62. Hiyo ndiyo `/26`.

Kila mteja alimwambia ukweli kuhusu cheti kabla ya kushika kazi. Wengi walimkataa. Mmoja, mwenye saiba, akampa nafasi, kisha akamwelekeza kwa jirani yake. Marufuku bado ipo, lakini simu yake sasa inaita.